Jibu la Usaha kutoka Beni

Wakati ule wa vita nilikuwa daktari kijana katika hospitali moja ya misheni huko Butembo. Nilikuwa nimeolewa na mwalimu wa sekondari, hatukuwa bado na mtoto, na tulikaa katika nyumba ndogo ya matofali karibu na miti ya mikaratusi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka. Hospitali ilikuwa na madaktari wawili tu: mimi na daktari mzee, aliyekuwa ananifundisha upasuaji. Wengine walikuwa wameshaondoka, mmoja baada ya mwingine.

Daktari mzee alikuwa na sheria moja ambayo hakumsamehe mtu yeyote kwayo. Hakuna mgonjwa aliyepewa antibiotiki bila mistari minne kwenye fishi yake, ile karatasi ya matibabu. Wa kwanza: unampa kwa sababu gani. Wa pili: laboratwari imesema nini, na kama haijasema, umetuma nini na lini. Wa tatu: siku gani utarudi kuiangalia dawa hiyo tena na kuamua. Wa nne: siku gani inakwisha. Chini yake saini.

"Mutu anajua kuanzisha dawa," alikuwa akisema. "Kusimamisha ndiyo batu banaogopa."

Mwanzoni niliona ni kazi ya bure. Dawa zenyewe zilikuwa zinapitia Uganda, mpaka wa Kasindi ukifunguka, na mara nyingi haukufunguka. Lakini ndiyo sababu yake hasa. Tulikuwa na kidogo, na kile kidogo kilikuwa kinamalizikia kwa watu ambao homa yao ilishapita, kwa kuwa hakuna aliyeandika siku ya mwisho na hakuna aliyethubutu kukata.

Butembo tulikuwa na darubini. Kuotesha vidudu hatukuweza. Kazi hiyo ilifanyika Beni, kwa mtu wa laboratwari aliyekuwa na kabati la joto na jenereta, na kondoo wawili nyuma ya nyumba, kwa maana vidudu vingi vinahitaji damu ili viote. Sisi tulituma usaha na damu kwa lori ama kwa pikipiki. Yeye alitusomea majibu kwenye phonie, ile redio ya misheni, kila asubuhi kabla ya tour ya salle, yaani kupita wodini kitanda kwa kitanda. Sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa sauti na kwa kikohozi chake kabla ya kusoma.

Ijumaa moja walituletea askari. Alikuwa kijana wa mbali, wa jimbo la Équateur, mmoja wa wale waliotumwa kwetu na jeshi lililokuwa linatawala mji wakati huo. Paja lake la kulia lilikuwa limevimba na ngozi inang'aa. Homa ilikuwa kali, presha chini, na alikuwa anasema maneno yasiyofuatana. Tulimtoa damu kwanza, tukaijaza kwenye chupa za kuotesha, ndipo tukamchoma sindano ya kwanza. Kisha daktari mzee akapasua paja. Jipu lilikuwa ndani kabisa ya nyama, na usaha uliotoka ulijaza bakuli. Tukachukua kidogo kwenye kichupa safi. Lori la alasiri likapeleka vyote Beni. Chupa za damu nilimwambia dereva asiziweke kwenye baridi.

Niliandika mimi mwenyewe. Sababu: jipu la ndani ya misuli ya paja, limepasuliwa leo, homa kali na presha chini. Culture, yaani kuotesha: usaha na damu vimetumwa Beni kabla ya dawa, jibu bado. Dawa: ceftriaxone, kwa kuwa kidudu hakijulikani. Kuangalia tena: Alhamisi, ama mapema jibu likija. Mwisho: wiki tatu tangu kupasuliwa, kama hali ni nzuri, dawa yenyewe itabadilishwa kufuata jibu.

Muuguzi mkuu wa salle, mama wa makamo tuliyemwita mama titulaire, alichukua chupa zote za ceftriaxone zilizobaki katika famasi akazitia katika kopo, akabandika namba ya kitanda chake. Hatukuwa na nyingine.

Siku iliyofuata mume wangu alikwenda Mutwanga. Baba yake alikuwa anaumwa mgongo na mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Alisema atarudi Jumatano. Aliondoka na koti langu la mvua kwa sababu lake lilikuwa na tundu. Jumatano haikumleta. Sikushtuka; magari ya upande ule yalikuwa yanachelewa kila mara, na Beni, anakopitia, kulikuwa na ndugu wa kumlaza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye chumba cha phonie. Sista aliyeishika alinipa kiti akatoka kutafuta betri nyingine. Nilisikia kikohozi.

"Docteur ya Butembo, unanisikia?"

"Ninakusikia. Sema."

"Ile usaha ya askari wa paja. Imeota. Staphylocoque doré. Pénicilline: résistant. Oxacilline: sensible. Damu: haijaota kitu, siku ya sita leo."

Niliandika. Akakohoa tena.

"Docteur, kuko neno ingine. Uko peke yako?"

"Sema tu."

"Bale batu ba pick-up ya jana, banatoka Beni kuja kwenu. Baliwasimamisha njiani. Benye silaha, hatujue ni banani. Baliwaua. Babiri tu balikimbia. Balileta miili hapa kwa morgue jana jioni. Docteur... bwana yako alikuwa ndani. Mimi niliona carte yake. Niliona na uso, ni ule wa picha."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilitazama karatasi, nikaona nimeandika "oxa" na sikumaliza.

"Rudilia ile jibu," nilisema.

"Jibu gani?"

"Ya usaha. Oxacilline ulisema nini?"

Halafu akarudia polepole, kama mtu anayesomea mtoto imla: staphylocoque doré, pénicilline résistant, oxacilline sensible. Nilimalizia neno. Nikamwuliza kama barabara imefunguliwa. Akasema hapana, imefungwa, hakuna gari linalopita pande zote mbili, na watu wa parokia wanataka kuzika leo kwa sababu morgue haina baridi. Nilimjibu kwamba nimesikia. Nilisema asante. Nadhani nilisema asante mara mbili.

Wengi wameniuliza baadaye nilisikia nini moyoni. Sikusikia kitu. Nilisikia baridi ya sakafu kwa kuwa kiatu kimoja kilikuwa na ufa chini. Sista aliporudi na betri nilimpisha mlangoni, nikavuka ua kwenda salle ya wanaume kuanza tour, kwa kuwa ilikuwa saa ya tour.

Daktari mzee alikuwa chumba cha upasuaji tangu alfajiri na mama mwenye uzazi mgumu. Kwa hiyo tour ilikuwa yangu. Mama titulaire alisukuma kigari cha mafishi. Tulifika kwa askari. Joto lilikuwa limeshuka tangu juzi, alikuwa ameketi, anakula ndizi. Kidonda kilikuwa kinatoka maji kidogo tu, bila harufu. Nilisoma mistari yangu ya Ijumaa. Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya kuangalia tena. Nikaandika chini yake: kidudu kimejulikana, staphylocoque doré, pénicilline haiwezi, oxacilline inaweza. Damu safi mpaka siku ya sita. Ceftriaxone inasimama leo. Cloxacilline ya sindano kila saa sita; Jumapili tutaangalia kama anaweza kumeza. Mwisho haubadiliki: wiki tatu tangu kupasuliwa. Saini.

Cloxacilline ni ndugu ya oxacilline. Kidudu kinachokufa kwa hii kinakufa kwa ile. Nayo tulikuwa nayo ya kutosha. Kwa kidudu kile ilikuwa nzuri kuliko ile ceftriaxone ya bei kubwa. Nilimweleza mama titulaire, akaitikia kwa kichwa, akaondoa kopo kando ya kitanda.

Hatujafika kitanda cha pili, wanaume wanne waliingia uani na kipoyi, machela ya miti. Juu yake alilala mama mmoja, mkulima Mnande wa vilima vya upande wa Lubero, shingo imekaza kama ubao, macho yanakimbia mwanga. Mama mkwe wake alitembea kando akimshika mguu. Homa ilianza jana yake, alisema, na kichwa, halafu akaanza kutomjua mtu.

Nilimtoa maji ya mgongo. Yalitoka kama maji ya kuoshea mchele. Mtu wetu wa darubini aliyatia rangi, akaniita: vidudu vya mviringo, viwili viwili, vyenye rangi ya zambarau, na chembe nyeupe tele. Pneumocoque, kwa kadiri darubini inavyoweza kusema. Chloramphénicol ilikuwa imekwisha mwezi ule. Dawa iliyotakiwa ilikuwa ile katika kopo, na kopo lilikuwa limeachwa huru dakika chache zilizopita. Tulimpa dozi ya kwanza hapohapo juu ya kipoyi, kabla ya kumtafutia kitanda.

Kisha niliketi niandike mistari yake. Sababu: méningite (homa ya uti wa mgongo), maji ya mgongo ya mawingu, diplocoques Gram positif kwenye darubini. Mstari wa pili ulinishinda kidogo. Maji mengine yalikuwa kwenye kichupa, tayari kwa Beni. Niliandika: Culture haikutumwa, barabara ya Beni imefungwa. Nikaitazama sentensi hiyo. Ilikuwa ya kweli na ilitosha kwa fishi. Nikaendelea: kuangalia tena Jumamosi. Mwisho: siku ya kumi na nne, kama homa imeshuka na akili imerudi.

Kapteni wa yule askari alifika karibu na saa sita mchana. Alikuja kila siku, lazima niseme hivyo. Alimletea kijana wake mikate na sabuni. Siku hiyo alikuta sindano imebadilika na kopo halipo, na mgonjwa mmoja karibu na mlango alikuwa ameshamwambia limekwenda wapi. Aliingia kwenye salle na bunduki begani, na askari mwingine nyuma yake.

"Docteur ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Wewe? Sikiliza. Ile dawa ya nguvu ya mutoto yangu, munaikamata, munapatia mama ya kwenu. Juu yeye ni Munande na huyu anatoka mbali. Ni vile?"

Mama titulaire alisogea akasimama kati ya kitanda na bunduki, akijifanya anakunja shuka.

"Hapana," nilisema. "Dawa yake ilisimama kabla ule mama hajafika."

"Te, te! Usinidanganye. Mimi si mujinga."

Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sijachoka tena maishani, na sikuwa na woga hata kidogo. Si ushujaa. Mahali pa woga palikuwa patupu. Niliwaza, bila hasira, kwamba pengine waliosimamisha pick-up walivaa nguo kama yake, na pengine hawakuvaa. Sikujua. Sijajua mpaka leo. Nilitoa fishi kwenye kigari nikampa.

"Unasoma kifaransa?"

"Ninasoma."

"Basi soma. Hapa, Ijumaa. Sababu. Hatukujua ni kidudu gani, ndiyo tulianza na dawa inayoshika vingi. Hapa niliandika: tutaangalia tena Alhamisi. Leo ni siku gani?"

Alikuwa anasoma, kidole kinafuata mstari.

"Hapa ni jibu la Beni. Lilikuja asubuhi ya leo. Kidudu chake kinakufa na hii anayopata sasa. Kwa kile kidudu, hii ndiyo ya nguvu. Nikimwacha na ile ingine, sitamusaidia zaidi, na ule mama atakufa."

"Na uliandika siku ya kumaliza tangu Ijumaa? Wewe ni Mungu, unajua siku atapona?"

"Hapana. Ni siku ya kusimamisha kama anaendelea vizuri. Kama hapana, tutaandika ingine na tutaandika sababu. Ndiyo maana kuko siku ya kuangalia."

Alisoma tena kutoka juu. Askari mgonjwa alijiinua kwa kiwiko.

"Chef," alisema, "mimi nasikia muzuri. Baridi ya mwili ilishaisha. Nalala sasa."

"Nyamaza wewe." Lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akanitazama. "Na kama akikufa?"

"Saini iko pale chini. Ni yangu. Utanikuta hapa."

Alinirudishia fishi. Alisimama kidogo kando ya kitanda, akagusa paja la kijana juu ya bandeji kwa vidole viwili, akatoka. Mlangoni alitushukuru kwa kifaransa cha ofisini, kama mtu anayefunga mkutano.

Tulimaliza tour. Vitanda vyote, vya wanaume na vya wanawake. Nilipofunga fishi ya mwisho mama titulaire aliniambia nimekuwa mweupe, niende nikale kitu.

"Mama," nilisema, "bwana yangu amekufa. Baliniambia kwa phonie."

"Lini?"

"Jana. Kabla ya tour baliniambia."

Alikaa juu ya kitanda kitupu. Alikuwa mtu wa sheria, hakuruhusu mtu yeyote kukalia kitanda kilichotandikwa. Kisha akanivuta nikakaa naye, na kwa mara ya kwanza hakuniita docteur.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu, mwanangu." Alilia yeye. Mimi nilitazama mikono yake, ilikuwa imepasuka kwa maji ya klori.

Mume wangu alizikwa Beni alasiri hiyo bila mimi. Nyumbani Butembo wanawake wa parokia walikuja, wakakalia mikeka, wakaimba. Daktari mzee alitaka nipumzike. Nilirudi kazini Jumamosi, na hakunikataza, kwa kuwa ilikuwa siku ya kumwangalia yule mama. Alikuwa amefungua macho. Alimjua mama mkwe wake na kumwomba uji. Chupa za kopo hazikutosha kufika siku yake ya mwisho ya dawa; tuliuliza kwenye phonie, na kituo kimoja cha afya cha Oicha kikasema kinazo chache. Njia ilipofunguka zilifika na mtu wa pikipiki, zimefungwa katika majani ya ndizi na sokisi. Siku ya kumi na nne nilisimamisha. Alikuwa amepona, ila sikio la kushoto halikusikia tena kitu. Ugonjwa ule huwa unafanya hivyo. Mama mkwe aliniuliza kama dozi zaidi zingelirudisha. Nilimwambia hapana. Aliniamini, na walirudi vilimani kwa miguu, mama mkwe akitembea upande wa kulia ili asikike.

Askari alihamia kwenye vidonge ile Jumapili. Siku yake ya mwisho ya dawa ilipofika kidonda kilikuwa kimefunga, na alikuwa anatembea uani na fimbo. Aliomba apewe vidonge vya akiba vya kubeba.

"Sababu kule tunaenda hakuna dawa, docteur."

Nilitamani kumpa. Nilimweleza kwamba vidonge vichache mfukoni havitamlinda, vitamdanganya tu, na vidudu vitavizoea. Akacheka, akasema hata yeye ameshazoea mambo mengi. Nilipewa habari baadaye kwamba kikosi chao kilipelekwa kaskazini, upande wa Ituri. Zaidi ya hapo sijui.

Miezi ile nilifanya kazi vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mtu asiyesikia kitu hafanyi haraka na hasahau. Niliandika mistari minne asubuhi kwa asubuhi. Nyumbani sikugusa nguo za mume wangu wala sikuzipanga. Niliketi kitandani upande wangu. Watu walisema nina nguvu na nikawaacha waseme.

Barabara ilipotulia nilipata nafasi kwenye pick-up ya misheni iliyokuwa inateremka Beni. Kadiri tulivyoshuka hewa ilipata joto, nikavua sweta. Dereva hakunionyesha mahali ile pick-up iliposimamishwa. Nilijua tu kwamba tumepapita kwa sababu aliacha kuongea, kisha akaanza tena.

Mtu wa laboratwari alinisubiri kando ya barabara. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na mzee kuliko nilivyodhani. Alinipa mikono yote miwili.

"Pole sana, docteur. Nilikosa namna ya kukuambia."

"Uliniambia vizuri."

Alinipeleka makaburini yeye mwenyewe. Msalaba ulikuwa wa mbao, umeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi zimeanza kuteleza kwa mvua. Baba mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mutwanga kwa pikipiki na mgongo wake mbovu. Alikuwa anang'oa majani. Nilichutama kando yake nikang'oa na mimi, tukamaliza upande mmoja kisha wa pili.

Baadaye tulikwenda kwa ndugu zake, karibu na soko. Waliweka mbele yetu wali na sombe ya majani ya muhogo. Baba aliuliza kazi inaendaje, wagonjwa ni wengi? Nikasema ni wengi. Aliuliza nani ananipikia sasa. Nikasema ninajipikia. Akatazama sahani yangu.

"Kula, mwanangu."

Nikala. Sombe ilikuwa imekosa chumvi. Nilitafuna, nikagundua kwamba ninalijua jambo hilo, kwamba ulimi wangu umeniambia. Machozi yakaanza kutoka na hayakukoma. Baba mkwe alisogeza kiti chake, akaweka mkono mgongoni pangu, na kwa mkono mwingine akamwashiria binti wa nyumba alete chumvi.